Barua ya wazi kwa mwenye ploti, kontrakta na fomeni: kijana alianguka mita 3 na hakuna mtu ameandika hata mstari mmoja

Kwa Mama mwenye ploti,
Kwa Bwana Kontrakta,
Kwa fomeni wetu,

YAH: AJALI YA SKAFOLDI KWENYE SAITI YETU HAPA EASTLANDS

Salamu zenu nyote. Mnanijua, mimi ni fundi wa mawe pale saiti tangu msingi unachimbwa, na naandika kwa heshima kabisa. Ila kabla nifike hapa nilishaongea na fomeni mara mbili, nikamtumia Bwana Kontrakta meseji kwa wotsapu nikaona tiki zimegeuka bluu na kimya, Jumamosi nikamngoja Mama mpaka akaja kuona kazi akaniambia "ongea na kontrakta mwanangu, mimi kazi nimempa yeye". Nikaongea naye. Akasema kijana ashapona. Sasa mimi Jumapili nilikuwa kwa huyo kijana, analala chali kwenye godoro chini, dada yake ndio anamgeuza, na akitaka kukohoa anashika kwanza godoro na mkono mmoja. Huyo si mtu amepona. Ndio maana naweka haya mambo hadharani, na nitaenda moja moja.

Kwanza vile ilikuwa, manake kila mtu pale mtaani ana yake. Ilikuwa Alhamisi, wiki tatu zilizopita, saa tano asubuhi hivi. Tunajenga ukuta wa ghorofa ya kwanza upande wa barabara, tuko juu ya skafoldi ya miti ya bluugamu na mbao. Kijana ni mkono wangu, yeye ndiye ananipitishia mawe. Alinipa jiwe la mwisho lililokuwa limepangwa pale upande wangu wa ubao, akarudi nyuma hatua mbili aite ndoo ya mota, nikasikia tu ubao umelia "kwaa", ncha ya upande wangu ikapanda juu ikanigonga goti na yeye akaenda chini miguu mbele. Alitua na visigino kwenye kokoto, akakaa, akalala ubavu. Nilipima baadaye na tepu, kutoka pale aliposimama hadi chini ni mita 3 na sentimita 10.

1. Dakika kumi za kwanza tulizifanya vibaya, na mimi nimo

Silaumu mtu peke yake hapa juu mimi ndiye nilishika mguu wa kushoto. Watu walikimbia kutoka kila kona, wawili wakamshika kwapani, "inuka, inuka, jaribu kutembea", wakamsimamisha. Alipiga nduru moja sijawahi kusikia kwa mtu mzima. Mmoja akammwagia maji kichwani, mwingine akakimbia kwa kibanda akaleta soda ati apate nguvu. Mwishowe akawekwa kwa boda mshikaki, katikati ya dereva na fundi wa mbao, akapelekwa kliniki na hiyo barabara yetu ya matuta na mashimo. Hakuna aliyepiga simu ya ambulensi. Kisanduku cha huduma ya kwanza kipo, kiko stoo, stoo ina kufuli, ufunguo uko na keyateka, na keyateka alikuwa ameenda kununua misumari. Kilipofunguliwa jioni ndani kulikuwa na panadoli shiti moja na plasta ambazo gundi ilishakauka.

Baada ya hapo nilienda kumuuliza nesi mmoja tunayesali naye, nikamwelezea kila kitu. Kitu cha kwanza aliniuliza ni "alitua na nini?" Nikamwambia visigino. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mtu akianguka kutoka juu akatua na visigino, ule mshtuko hauishii kwa mguu, unapanda na mifupa ya miguu, unapita nyonga, unaenda kugonga pingili za mgongo wa chini. Kwa hivyo kisigino kilichovunjika na mgongo uliovunjika ni kama ndugu, ukimwona mmoja umtafute mwenzake. Na shida ni kwamba kisigino kinauma sana, kinavimba hapo hapo, kila mtu anaangalia mguu, hata mgonjwa mwenyewe analilia mguu. Mgongo unasahaulika.

Sasa mtu wa namna hiyo hasimamishwi. Hata kama anasema niko sawa. Mtu akianguka kutoka juu kumzidi kimo unachukulia mgongo na shingo zimeumia mpaka daktari aseme hapana. Unamwacha vile alivyo isipokuwa kama kuna kitu kitamwangukia au moto au maji. Mmoja anapiga magoti upande wa kichwa, anashika kichwa pande zote mbili na viganja, hakivuti wala hakigeuzi, anakituliza tu, na anaongea naye asihangaike. Mwingine anasimamisha kazi juu, manake siku ile bado kulikuwa na mawe kwa mbao na watu wanasukumana chini yake, tungeweza kupata wagonjwa wawili. Wa tatu anapiga simu: 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kama kuna damu inatiririka unakandamiza palepale na kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia kila dakika ati kuangalia kama imekwisha, na kama hakuna glavu unavaa karatasi ya nailoni mkononi. Mguu uliopinda hunyooshi. Unamfunika na koti juu mtu mwenye mshtuko anaingia baridi hata jua likiwaka. Na hapewi soda, hapewi chai, hapewi maji, kwa sababu akihitaji kufanyiwa upasuaji tumbo lenye kitu ni hatari akilazwa usingizi.

Kama amezimia lakini anapumua, na kuna matapishi au damu mdomoni, hapo njia ya hewa inashinda mgongo. Mnamgeuza ubavu wote kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga zikienda kama gogo moja, ili vitoke nje asikabwe. Kama hapumui basi mambo ya mgongo yanangoja, mnaanza kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Najua mtu atasema ambulensi ya Nairobi utaingoja mpaka lini, na jam ya outering unaijua. Ni kweli. Lakini bado boda si jibu. Nesi aliniambia kama imeshindikana kabisa, tafuta kitu kigumu kilichonyooka. Sisi tulikuwa na milango mitatu mipya imeegemezwa ukutani! Unamteleza juu ya mlango mkiwa watu watano au sita, wa kichwani ndiye anahesabu na wengine wanamfuata yeye, mnamfunga asiteleze, mlango unaingia nyuma ya pikapu na dereva anaenda pole pole. Pikapu ya kontrakta ilikuwa hapo nje imepakia simiti mifuko kumi. Dakika tano tu tungeshusha.

2. Kijana alifika kliniki bila habari yake

Hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Fundi wa mbao aliyempeleka hakuona akianguka, alikuwa nyuma anakata fomuweki. Kule akaulizwa nini kimetokea akasema "ameumia mguu saiti". Basi wakapiga eksirei ya mguu, wakaona kisigino kimevunjika, wakafunga, wakampa dawa za maumivu akarudishwa nyumbani. Kulingana na walichoambiwa walifanya kazi yao. Hakuna mtu aliwaambia mita 3. Zile dawa za maumivu nazo zikaficha mgongo.

Siku ya nne ndio dada yake akanipigia, anasema anahisi ganzi kwenye paja na hawezi kukaa. Tukampeleka hospitali kubwa, daktari akauliza swali lile lile la nesi, ulianguka kutoka wapi na ulitua vipi, akaagiza eksirei ya mgongo, pingili moja ya chini imebonyea upande wa mbele. Tunashukuru ule uzi wa ndani haukukatika. Akatuambia dalili za kukimbia nazo usiku au mchana: haja ndogo ikikataa kutoka au ikitoka yenyewe, ganzi ikifika sehemu za siri, au miguu ikianza kuishiwa nguvu. Angekuwa amepata hizo katika zile siku nne kule nyumbani hakuna aliyejua ni kitu cha kuogopa, wangedhani ni dawa.

Karatasi moja ingebadilisha hiyo Alhamisi yote. Sio ripoti, karatasi ya daftari tu au nyuma ya risiti ya simiti: saa tano, ameanguka kutoka mita 3, ametua na visigino, hakuzimia, analalamika kisigino na kiuno, amesimamishwa mara moja na wenzake, amekunywa soda nusu. Na anayeenda na mgonjwa awe mtu aliyeona. Mimi ndiye niliona, na mimi nilibaki juu kumalizia mota isikauke. Nimelala na hiyo siku nyingi.

3. Hakuna daftari, hakuna fomu, na siku zimepita

Bwana Kontrakta, nilikuuliza kama umeripoti ukaniambia hiyo ni ya makampuni makubwa. Sivyo. Sheria ya mafao ya ajali kazini ya 2007, ile watu wanaiita WIBA, inasema mwajiri akishajua kuna ajali ana siku 7 kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kuna fomu, DOSH 1, sehemu moja inajazwa na mwajiri na nyingine na daktari. Kama mtu angekufa, tuseme Mungu apishe mbali, ingetakiwa wajulishwe ndani ya saa 24. Saiti ndogo, saiti kubwa, fomu ni ile ile. Na kibarua wa siku ni mfanyakazi vilevile.

Mnaona ni karatasi tu lakini kijana bila hiyo fomu hana kitu. Hiyo ndiyo inamwezesha kudai gharama za matibabu na malipo ya muda wakati hawezi kufanya kazi, ambayo yanaweza kwenda hadi miezi 12, na kama atabaki na kilema, fidia yake. Sheria hiyo pia inataka mwajiri awe na bima. Kama bima ipo, basi kuchelewesha fomu ni kuipa kampuni ya bima sababu ya kukataa na wewe ndiye utabaki unalipa kutoka mfukoni. Kama bima haipo, hilo ni swali lingine na nadhani unajua jibu lake.

Na daftari la ajali liwe saiti, sio kwa simu ya mtu. Nani, saa ngapi, alikuwa anafanya nini, kulikuwaje na hali ya hewa, alisaidiwa vipi na nani, alipelekwa wapi, nani aliona. Liandikwe siku hiyo hiyo. Mimi leo nikiwauliza watu tisa wa saiti juu ya ile Alhamisi napata hadithi tisa, mmoja anasema kulikuwa kumenyesha, mwingine anasema jua, mmoja anaapa kijana alikuwa na simu mkononi. Simu yake ilikuwa kwa koti lake, koti lilikuwa limening'inia kwa mlango wa stoo, mimi ndiye nilimpelekea jioni.

Halafu daftari hilo liandikwe na nusura. Jumanne, siku mbili kabla, fundi mwenzangu alikanyaga ubao upande wa nyuma ukacheza, akadaka mti akabaki amening'inia kama popo. Tulicheka mpaka machozi, akaitwa Tarzani siku nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa ajali yenyewe inabisha hodi bila malipo, na sisi tukaipa jina la utani.

4. Ubao uliomwangusha ulirudishwa palepale jioni hiyo hiyo

Fomeni, hapa nakuomba usome pole pole juu wewe ndiye uliniambia "alikanyaga vibaya, asubuhi yote watu walikuwa wanapita hapo na hakuna mtu alianguka". Hiyo ni kweli, walipita. Na ndiyo inaonyesha shida iko wapi.

Nilirudi pale jioni na tepu kabla mbao hazijapangwa upya. Ule ubao ni wa inchi 1, sio 2. Umelala juu ya miti miwili ya kupita, na upande wa barabara ulikuwa umepita mti wa mwisho kwa sentimita 70, hewani, hakuna kitu chini. Haukuwa na msumari hata mmoja, haukufungwa waya. Sasa asubuhi yote kulikuwa na mawe sita yamepangwa upande wangu. Yale mawe ndiyo yalikuwa yanaukalia ubao. Mtu akikanyaga ile ncha, uzito wa mawe unamshinda, ubao hauinuki, na kila mtu anaona ni salama. Kijana alikuwa ananipitishia yale mawe moja moja. Alipotoa la sita, mkalio ukaisha. Hatua mbili nyuma, akawa yeye peke yake kwenye ncha na upande wa pili hakuna kitu, ukapanda. Kwa maneno mengine aliangushwa na kazi yenyewe aliyotumwa kufanya, na yeyote angekuwa pale baada ya jiwe la sita angeenda chini.

Dawa yake mafundi wazee wanaijua. Ncha ya ubao ipite mti wa kukalia kidogo tu, isipungue sentimita 5 isije ikachomoka, na isizidi mara nne ya unene wa ubao. Ubao wa inchi 2 ni kama sentimita 20 mwisho. Ule wa inchi 1 ungekuwa sentimita 10, lakini wa inchi 1 haufai kusimamiwa na mtu aliyebeba jiwe hata ukiwekwa vizuri, unapinda katikati kama upinde, huo ni wa fomuweki. Hata ubao wa inchi 1 na nusu, miti ya kuukalia isiachane zaidi ya mita 1 na nusu. Kila ubao ufungwe waya au upigiliwe, na chini yake pigilia kipande cha mbao kinachogonga mti ili usiteleze kwenda mbele wala nyuma. Mbao zijaze upana wote, sio mbili tu na nafasi katikati. Na upande wa nje pawekwe reli ya kukinga, manake hata ubao ukiwa mzuri mtu anaweza kurudi nyuma akiangalia ukuta, kila fundi hufanya hivyo akitaka kuona kama mstari umenyooka.

Najua kwa nini ulitumia inchi 1. Zile za inchi 2 zilipelekwa ile saiti nyingine wiki hiyo kwa ajili ya slabu, na wewe ukaambiwa endelea na kilichopo. Kwa hivyo hata nikikulaumu wewe fomeni, nitakuwa nimesimama njiani. Aliyetoa mbao na kusema kazi iendelee ndiye anapaswa kuandikwa kwenye sababu ya ajali, na ndiyo maana uchunguzi hauwezi kuishia kwa "alikanyaga vibaya". Ukiishia hapo utamfukuza kijana, utaleta kijana mwingine, na ubao ni ule ule.

Majibu ambayo nimeshayasikia

"Ni kibarua wa fundi, si wetu." Jumamosi analipwa na nani? Jina lake liko kwenye kitabu cha fomeni na pesa inatoka kwa kontrakta, mimi sijawahi kumlipa shilingi.

"Tulimpa elfu tano ya hospitali." Mlimpa, na alishukuru. Eksirei mbili, mkanda wa mgongo na teksi vimemaliza hiyo na zaidi, na wiki tatu hajapata siku hata moja ya kazi.

"Alikuwa mzembe." Nimeeleza ya mawe sita. Na hata kama angekuwa mzembe kidogo, WIBA hailipi kwa sababu mwajiri ana makosa, inalipa kwa sababu mtu ameumia kazini. Kinachoweza kuizuia ni mtu kujiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, na kumwitia mtu ndoo ya mota sio makusudi.

"Ajali haina kinga." Hii Mama aliniambia kwa upole na sikumjibu kwa sababu ya heshima. Ila mama yangu, hii ilikuwa na kinga. Ilikuwa msumari wa inchi 4.

Ninachoomba

Kabla ya Ijumaa hii, kontrakta ajaze DOSH 1 na aipeleke, kuchelewa ni bora kuliko kukaa kimya, na atupe nakala. Niko tayari kuandika na kusaini nilichoona, na fundi wa Jumanne yuko tayari pia. Gharama za hospitali kuanzia ile siku ya nne zirudishwe kwa dada yake, risiti anazo zote kwa bahasha, na malipo ya kijana ya kila wiki yaanze sasa bila kungoja aombe.

Mbao za inchi 2 zirudi saiti kabla mtu yeyote apande tena upande wa barabara. Kila asubuhi kabla ya kazi mtu mmoja anayejulikana kwa jina aipitie skafoldi yote, aikanyage ncha moja moja akiwa amejishika, aandike kwa daftari, na arudie baada ya mvua au mtu akihamisha hata mti mmoja. Mara moja kwa wiki ikaguliwe yote na kusainiwa. Mimi naweza kuwa huyo mtu bila kuongezwa pesa.

Kisanduku kitoke stoo, kikae wazi pale kwa meza ya fomeni: bandeji, gozi, glavu, mkasi, blanketi, na kalamu na karatasi, msisahau kalamu. Watu wawili wa saiti wapelekwe mafunzo ya huduma ya kwanza, na namba za dharura ziandikwe kwa rangi ukutani pamoja na jina la barabara na alama ya karibu, juu siku ile hata tungepiga simu hakuna aliyejua kuelekeza ambulensi, ploti yetu haina namba.

Mkishindwa na hayo kufikia Ijumaa, Jumatatu asubuhi mimi na dada yake tutaenda kwa ofisi ya usalama kazini na picha na vipimo nilivyochukua. Sitaki kufika huko. Nimefanya kazi na nyinyi vizuri na ile nyumba nataka niimalize mimi, ukuta ule wa mbele nimeupenda.

Jana nilipita saiti saa kumi na mbili jioni watu wakiwa wametoka. Ubao ule bado uko juu, ncha ya barabara iko hewani, na kuna mawe manne yameukalia.

Wenu kwa heshima,
Fundi wa mawe